Dawa mseto ya malaria: maswali tunayoulizwa dirisha la dawa

Nafanya kazi dirisha la dawa katika zahanati ya mtaani hapa Kigoma. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila wiki, mengine kutoka kwa wagonjwa wenyewe, mengine kutoka kwa kina mama wanaopiga simu usiku mtoto akishatapika. Yanahusu malaria isiyo kali, ile ya kupewa vidonge vya mseto (ALu kwenye karatasi) na kwenda kunywea nyumbani. Pale jibu linapohusiana na jingine nimetaja namba ya swali, ili nisirudie.

## Kabla hujaondoka dirishani

1. Kwa nini inaitwa "mseto"?

Kwa sababu kila kidonge kina dawa mbili: artemetha na lumefantrini. Kidonge cha kawaida kina miligramu 20 za ya kwanza na 120 za ya pili. Ndiyo dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali Tanzania Bara tangu sera ilipobadilishwa mwaka 2006, baada ya esipi kuanza kushindwa, na esipi nayo ilikuwa imechukua nafasi ya klorokwini mwaka 2001.

Dawa hizi mbili hazifanyi kazi kwa mwendo mmoja, na ukilielewa hilo nusu ya maswali ya ukurasa huu yanajijibu. Artemetha ni ya mbio: inaangusha vimelea wengi ndani ya saa chache, homa inashuka, mgonjwa anaomba chakula. Lakini haikai mwilini, inatoka upesi. Lumefantrini ni ya taratibu, inabaki kwenye damu siku kadhaa na kuwamaliza waliosalia. Kwa hiyo anayekupa nafuu siye anayekuponya. Tutalirudia hili swali la 8.

2. Nimeze vingapi?

Inategemea uzito, si umri. Ndiyo maana tunakupandisha kwenye mizani hata kama unajiona mtu mzima wa kutosha. Kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge 1 kwa kila dozi. Kilo 15 hadi chini ya 25 ni 2. Kilo 25 hadi chini ya 35 ni 3. Kilo 35 na kuendelea ni 4. Dozi ni sita kwa siku tatu, hivyo mtu mzima anaondoka na vidonge 24 na mtoto wa kilo 10 anaondoka na 6.

Vihesabu hapohapo dirishani. Mimi siudhiki mtu akihesabu mbele yangu, na wewe usione haya. Mtoto ambaye hajafika kilo 5 hapewi kwa kukadiria nyumbani, hata kama kaka yake alibakiza. Huyo aletwe, dozi yake iamuliwe na tabibu.

3. Umeniambia dozi ya pili "baada ya saa nane". Nimeze saa nane mchana?

Hapana, na kosa hili ni letu sisi tunaotoa dawa. Niliwahi kumwambia mama mmoja kwa haraka, foleni ikiwa ndefu, "ya pili baada ya saa nane". Alimpa mtoto ya kwanza saa 4 asubuhi mbele yangu, akafika nyumbani, akampa ya pili saa 8 mchana. Zilikuwa zimepita saa nne tu. Mtoto hakudhurika, ila tangu siku hiyo sitaji idadi ya saa. Naandika wakati wenyewe kwenye bahasha.

Hesabu ni kuongeza saa nane kamili juu ya wakati uliomeza ya kwanza. Ukianza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni. Ukianza saa 7 mchana, ya pili ni saa 3 usiku. Ukianza saa 10 jioni, ya pili inaangukia saa 6 usiku, na hapo ndipo watu wanapokwama: mtoto amelala, homa imeshuka, mama anamwonea huruma, dozi inasubiri asubuhi. Mwamshe. Dozi mbili za siku ya kwanza ndizo zinazopanda juu ya vimelea wakiwa wengi kuliko wakati mwingine wowote.

Zilizobaki nne ni rahisi: asubuhi na jioni kesho, asubuhi na jioni keshokutwa, zikiachana takriban saa kumi na mbili.

4. Nimeze na chakula gani? Sina hamu ya kula kabisa.

Lumefantrini haiyeyuki vizuri kwenye maji, inapenda mafuta. Ukiimeza na tumbo tupu, sehemu kubwa inapita tumboni na kutoka bila kuingia kwenye damu. Unakuwa umemeza dozi lakini hukuipata.

Mafuta yanayotakiwa si mengi. Nusu kikombe cha maziwa kinatosha. Hapa kwetu tuna bahati ya mawese: kijiko kimoja juu ya uji au kwenye mchuzi wa dagaa, ule vijiko vichache, umeze vidonge. Karanga za kusaga kwenye uji nazo zinafaa. Mtoto anayenyonya apewe dawa kisha anyonyeshwe, maziwa ya mama yana mafuta yake. Chai ya rangi na andazi moja ni bora kuliko tumbo tupu, ila ugali mkavu na maji siuhesabu.

Kama huna hamu kabisa, usisubiri hamu irudi ndipo umeze. Meza na hicho kidogo unachokiweza, kisha dozi inayofuata, hamu ikianza kurudi, hakikisha mafuta yapo.

## Kutapika

5. Ametapika baada ya kumeza. Nirudie?

Jambo la kuangalia ni muda. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi nzima, hakuna mjadala. Akitapika kati ya nusu saa na saa moja, maelezo ya dawa yenyewe yanasema bado urudie dozi nzima. Ikishapita saa moja, dawa ya kutosha imeshaingia. Usirudie, endelea na dozi inayofuata kwa wakati wake.

Watu wengi hawaangalii saa wakati wa kumpa, halafu tunabaki kukisia: "ilikuwa kama muda wa kuchemsha maji". Andika. Hata kwa mkaa ukutani. Kama hukuandika, lakini ukiona kidonge kizima au unga wake wa njano kwenye matapishi, chukulia kwamba dozi haikuingia.

Kutapika kabla ya kumeza hakubadilishi chochote. Kubeua na kutema mate si kutapika. Na kidonge kilichotoka hakioshwi kikamezwa tena. Naulizwa hilo kweli, na najua linatokana na hofu ya vidonge kupungua. Kuhusu kupungua, soma swali linalofuata.

6. Nimerudia dozi, sasa vidonge havitatosha. Nifanyeje?

Rudi uchukue vya kufidia. Hili ndilo shimo ambalo wagonjwa wangu wengi hutumbukia bila kujua, kwa hiyo nitalieleza kwa mfano mmoja.

Mtoto wa miaka minne, kilo 16. Anapewa vidonge 12, yaani viwili mara sita. Dozi ya kwanza kaimeza hapa zahanati saa 4 asubuhi, akakaa nusu saa kwenye benchi, salama. Vimebaki 10. Saa 12 jioni nyumbani anapewa viwili, saa 12 na dakika 20 anatapika vyote. Mama anafanya sahihi: anamwacha apumzike, anampa viwili vingine, vinakaa. Kwenye pakiti sasa kuna 6. Lakini mtoto ana dozi ngapi mbele yake? Nne: mbili za kesho na mbili za keshokutwa. Nne mara mbili ni 8. Pungufu ni vidonge viwili, yaani dozi ya mwisho nzima.

Mama huyu asipohesabu, pakiti itaisha keshokutwa asubuhi na ataona "dawa imeisha", kumbe mtoto kameza dozi tano tu. Dozi ya mwisho haitakuwepo na hakuna atakayejua. Anayehesabu mapema anagawa upungufu: anampa kidonge kimoja badala ya viwili ili vifike. Hilo ni baya zaidi, maana sasa kila dozi iliyobaki ni nusu.

Njoo na pakiti yenyewe siku inayofuata, sema "alitapika dozi ya pili, nikarudia". Inatosha. Hupimwi upya, hupangi foleni ya daktari. Mtoa dawa atakupa viwili na kuandika kwenye rejista. Usiogope kuambiwa umeuza dawa. Kama kuna aliyewahi kukujibu hivyo dirishani, mwombe mganga mfawidhi.

7. Nifanye nini ili dozi ya kurudia nayo isitoke?

Mpe tumbo muda wa kutulia, kama robo saa. Katika muda huo mpe maji kwa kijiko, kidogo kidogo, si kikombe kizima. Kama mwili unachoma, mpunguze nguo, mpanguse kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na kama alipewa parasetamoli mpe kwa kipimo alichoandikiwa. Homa kali yenyewe inatapisha, na mara nyingi ikishuka kidogo tumbo nalo linatulia.

Kwa mtoto, ponda vidonge kati ya vijiko viwili, changanya na maji kidogo sana au kijiko cha uji wenye maziwa, mpe mara moja. Vipo vya watoto vinavyoyeyuka vyenyewe kwenye maji. Hivyo usiviponde, vitie kwenye kikombe chenye maji kidogo, vikiyeyuka anywe yote, kisha suuza kikombe kwa maji kidogo anywe tena, maana dawa hubaki chini. Kosa ninaloliona ni kuchanganya dawa kwenye bakuli zima la uji. Mtoto anakula vijiko vitatu, anakataa, na hapo huwezi kujua amekula dawa kiasi gani.

Usimbane pua ukamwaga dawa kwa nguvu. Itaenda mapafuni au itarudi yote.

Na ukirudia mara moja ikatoka tena ndani ya saa moja, usijaribu mara ya tatu nyumbani. Hiyo si kazi ya vidonge tena, nenda swali la 10.

## Kumaliza

8. Homa imekata siku ya pili na nafanya kazi. Kwa nini niendelee?

Rudi kwenye swali la 1. Aliyekata homa ni artemetha. Kimelea cha malaria kinazaliana ndani ya chembe nyekundu za damu kwa mizunguko ya takriban siku mbili, na artemetha katika mzunguko mmoja inaweza kupunguza idadi yao hadi sehemu moja kati ya elfu kumi. Inasikika kubwa, na ni kubwa kweli. Lakini mgonjwa wa kawaida ana vimelea mabilioni. Gawa bilioni kumi kwa elfu kumi, unabaki na milioni. Milioni hawatoi homa. Mwili hauwahisi, hata hadubini inaweza isiwaone. Wapo tu.

Ukiacha hapo, hao milioni wanaanza upya. Wiki ya pili au ya tatu unarudi dirishani ukisema "mseto wenu haufanyi kazi", nami nikikuuliza ulimeza vingapi, unaangalia pembeni. Nimeuliza swali hilo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi naomba tu nione pakiti.

Kuna sababu nyingine, na iko karibu nasi. Karagwe, mkoa jirani wa Kagera, watafiti wamekuta vimelea vyenye mabadiliko yanayovifanya vichelewe kufa mbele ya dawa za jamii ya artemisinini. Mseto bado unaponya, kwa sababu lumefantrini inashika zamu pale mwenzake anapolegea. Ukiacha katikati, unainyima lumefantrini kiwango cha kuifanyia kazi hiyo.

Vidonge "vya akiba" vinavyobaki kabatini navyo vina historia moja: siku mdogo wake akipata joto, anapewa vinne vya kaka, si uzito wake, si dozi kamili, na kama hakuwa na malaria tumepoteza siku mbili za ugonjwa mwingine.

9. Nimesahau dozi moja. Nimeze mbili kwa pamoja?

Hapana. Meza ile uliyosahau mara unapokumbuka, na chakula chenye mafuta, kisha endelea na zilizobaki asubuhi na jioni hadi zote sita ziishe. Itakuchukua siku ya nne, si neno. Kinachohesabika ni dozi sita kuingia mwilini, si tarehe kwenye bahasha.

Kama umesahau siku nzima na zaidi, na homa imerudi, usiunganishe mwenyewe. Njoo na pakiti.

## Kurudi

10. Ni dalili zipi za kurudi hapohapo, hata usiku, hata kama dozi haijaisha?

Anatapika kila anachopewa. Hawezi kunywa au kunyonya. Ameshtuka degedege, hata mara moja. Amelegea hawezi kukaa au kusimama peke yake, au anazungumza mambo yasiyoeleweka, au hamki vizuri. Anapumua kwa shida au kwa haraka. Mkojo umekuwa wa rangi ya koka-kola, au amepitisha siku akikojoa kidogo sana. Macho yamekuwa ya njano. Viganja na midomo imepauka.

Moja tu linatosha, usisubiri la pili. Hiyo ni malaria kali mpaka ithibitike vinginevyo, na tiba yake ni sindano ya artesuneti, si kuongeza vidonge.

Kwa kina mama nina kipimo changu cha kutofautisha kutapika kwa kawaida na kutapika kwa hatari. Mpe vijiko viwili vya maji, subiri dakika kumi. Akitulia, mpe viwili tena. Anayetunza maji hayo bado tunaweza kujaribu naye dozi ya kurudia. Asiyetunza hata maji, fungasheni khanga mwondoke.

Kama mko mbali, vijiji vya mwambao ambako usafiri ni mtumbwi, mpitishe kwanza kwa mhudumu au zahanati iliyo karibu. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita kuna dawa ya artesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa kabla ya safari. Inanunua muda wa kufika hospitali. Haitibu, kwa hiyo akichangamka njiani msigeuze mtumbwi.

11. Bibi anasema mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Ni kweli?

Shikamoo bibi, lakini hapana. Naelewa neno hili linakotoka. Watoto wengi waliofikishwa hospitali na degedege walifikishwa wamechelewa, baada ya kufukizwa na kufungiwa ndani siku nzima. Wakachomwa sindano, wakafa, na lawama ikaangukia sindano kwa sababu ndiyo ya mwisho kuonekana.

Degedege kwa mtoto mwenye malaria ni ishara kwamba ugonjwa umefika kichwani au sukari imeshuka sana. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, hata kijiko, hata dawa, na muondoke.

12. Nimemaliza dozi zote sita na bado nina homa. Je, ni sugu?

Pengine, lakini anza na yanayotokea zaidi. Ulitapika dozi usirudie? Ulimeza na tumbo tupu? Dozi ya pili ilienda asubuhi badala ya usiku? Uzito ulipimwa kweli? Na la mwisho, ambalo watu hawalipendi: huenda homa hii ina chanzo kingine, kama nimonia, mkojo mchafu au taifodi, na malaria ilikuwapo pembeni tu.

Kanuni ni hii: homa ikiendelea siku tatu baada ya kuanza dawa, rudi. Ikizidi kabla ya hapo, au ukiona chochote cha swali la 10, usisubiri siku tatu. Njoo na pakiti tupu, zinatusaidia kuliko kumbukumbu. Usianze pakiti ya pili ya mseto kwa kununua dukani. Kama mseto umeshindwa kweli, anayehitajika ni dawa nyingine, na hiyo inaandikwa na tabibu baada ya kuangalia damu.

13. Nimepona, lakini nilipimwa kidole tena kikasema nina malaria. Mbona?

Kipimo cha haraka hakioni vimelea wenyewe. Kinaona protini wanayoiacha kwenye damu, na protini hiyo hubaki wiki kadhaa baada ya wao kufa, kama moshi wa jiko lililokwisha zimwa. Kwa hiyo mistari miwili siku ya kumi, kwa mtu asiye na homa, haina maana yoyote, na wala hukupaswa kupimwa.

Ukiwa na homa ndani ya wiki nne baada ya dozi, omba damu isomwe kwa hadubini. Hiyo inaona vimelea walio hai na kuwahesabu. Zahanati nyingi hazina. Kituo cha afya au hospitali ya wilaya wanayo. Wakionekana ndani ya siku 28, tabibu huchukulia kwamba dawa ya kwanza haikumaliza kazi na kubadilisha. Zikishapita siku 28 huhesabiwa kuwa umeumwa na mbu mwingine, na unapewa mseto uleule upya. Kwa Kigoma, kuumwa na mbu mwingine si jambo la kushangaza.

## Hali za pekee

14. Nina mimba. Naruhusiwa kunywa mseto?

Sema una mimba kabla dawa haijatolewa, hata kama ni ya wiki chache na hujamwambia mtu. Nong'ona tu. Kuanzia miezi minne mseto hutumika bila shida. Kwa miezi mitatu ya kwanza tulizoea kutoa kwinini, lakini mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artemetha na lumefantrini hata katika kipindi hicho. Utakachopewa kitaamuliwa na tabibu wako, kazi yako ni kuhakikisha anajua.

Zile esipi za kliniki ya wajawazito ni kinga. Hazitibu malaria uliyonayo leo.

15. Natumia dawa za kufubaza VVU au za kifua kikuu. Kuna shida?

Inawezekana. Rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya VVU huifanya ini ichome lumefantrini haraka, hivyo kiwango kwenye damu kinashuka na malaria inaweza kurudi. Usiache dawa zako za kila siku. Tuonyeshe kadi. Anayetumia rifampisini kwa kawaida hapewi mseto huu, na anayetumia efavirenzi tunamfuatilia kwa karibu hata kama amemaliza dozi vizuri.

16. Nililazwa nikachomwa sindano, nikapona, wakanipa tena vidonge vya siku tatu. Si nimeshatibiwa?

Bado. Artesuneti ya sindano huchomwa angalau mara tatu, mwanzo, baada ya saa kumi na mbili na baada ya ishirini na nne, nayo ni jamii ileile ya artemetha: ya mbio, isiyokaa. Vidonge ndivyo vinavyoleta lumefantrini. Unameza dozi zote sita kama mtu aliyeanza leo.

Halafu jambo ambalo wengi hawaambiwi wakiruhusiwa: kati ya wiki ya kwanza na ya nne baada ya sindano hizo, baadhi ya wagonjwa damu yao hushuka kwa chembe nyekundu kupasuka. Ukiona uchovu unarudi, macho kupauka au ya njano, au mkojo mweusi, rudi upimwe wingi wa damu. Usimeze mseto mwingine ukidhani ni malaria imerudi.

17. Mimi ni mvuvi. Usiku niko ziwani, nitamezaje kwa saa?

Giza likiingia na dagaa wakiwapo, najua hutakaa nyumbani kwa sababu ya vidonge. Ningependa upumzike usiku wa kwanza, kwa sababu kizunguzungu juu ya mtumbwi si mchezo. Kama lazima uende, njoo uanze dozi mapema: ukimeza saa 3 asubuhi hapa, ya pili ni saa 11 jioni, kabla ya kusukuma mtumbwi Kibirizi. Kula migebuka yenye mawese, meza vinne, na ukae nchi kavu saa moja kabla ya kuondoka, ili ikitokea umetapika iwe mahali pa kurudia.

Chukua vinne vya dozi inayofuata kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, si pakiti yote, maana ikilowa umepoteza dozi zote. Na mwambie mmoja wa mnaotoka naye kwamba uko kwenye dozi. Ukianza kusema maneno yasiyoeleweka usiku ule, awe na sababu ya kugeuza mtumbwi.